Nilihubiri dhidi ya sigara, mzee wa kanisa akaacha ibada badala ya sigara

*Mama, mimi ni mchungaji. Miezi miwili iliyopita nilihubiri kuhusu mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Nilipofika kwenye sigara nikapandisha sauti, nikasema wapo watu wanaokuja kumwimbia Mungu huku nguo zinanuka majivu, na kwamba anayeshindwa na majani yaliyosokotwa kwenye karatasi hawezi kumshinda shetani. Watu walicheka, wengine wakageuka kutazama nyuma. Huko nyuma alikuwa amekaa mzee wetu wa kanisa, mwenye miaka 52, anayevuta tangu ana 16. Hajarudi mpaka leo. Mkewe ameniambia kwa uchungu kwamba sasa anavuta zaidi, tena chooni usiku ili watoto wasimwone, na ana kikohozi ambacho hataki kukipeleka hospitali kwa sababu anajua atakachoambiwa. Sikukusudia kumfukuza mtu. Lakini kunyamaza nako siwezi, maana nimeshazika waumini walioondoka mapema kwa tumbaku. Niseme vipi?*

*Mchungaji aliyejikwaa*

Mchungaji, tuanze na kikohozi, mahubiri yatasubiri. Mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili anapaswa kupimwa kifua kikuu, awe anavuta au havuti, na uvutaji unaongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Akiwa pia anapungua uzito, anatoka jasho usiku au anatema damu, asingoje hata siku moja. Kwa hiyo wiki hii nenda kwake, peke yako, bila baraza la wazee. Mwambie: "Nilikufanya mfano mbele ya watu. Nilikosea. Nimekuja kuomba radhi." Uishie hapo. Ukiongeza "lakini" baada ya sentensi hiyo, umeifuta. Habari za sigara usiziguse mpaka azitaje mwenyewe. Kikohozi unaweza kukitaja, kwa sababu mkewe amekitaja, na mwambie utakwenda naye kupima na kukaa naye kwenye benchi mpaka zamu yake ifike.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya kifua kwa miaka mingi kabla sijaanza kusaidia watu kuacha tumbaku, na hilo la kukataa hospitali nimeliona mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mtu anakuja kachelewa. Ukimuuliza kama anavuta, anasema aliacha zamani, na vidole vyake viwili vimekuwa vya manjano. Anadanganya kwa sababu amejifunza kwamba jibu la kweli hufuatwa na mahubiri. Aibu haimtoi mtu kwenye sigara. Inamtoa mbele za watu na kumwacha na sigara yake, na huko gizani hakuna daktari, hakuna dawa wala rafiki.

Ukitaka kuelewa kwa nini, jifunze jambo moja kuhusu nikotini, kisha ulifundishe kanisani kabla hujataja dhambi yoyote. Mtu akivuta pafu moja, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Ubongo unatoa kemikali ya raha, na baada ya muda mfupi raha hiyo inashuka, ubongo unaidai tena. Ukirudia hivyo mara 15 au 20 kwa siku, kwa miaka 36 kama mzee wako, ubongo unajipanga upya kuizunguka nikotini. Ikikosekana, arosto inamjia: hasira, kukosa usingizi, kushindwa kutuliza akili, huzuni, njaa isiyoisha. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya kabisa, na hali hiyo huendelea kwa wiki mbili hadi nne. Sasa mpe mtu wa namna hii jambo la kumtia uchungu na wasiwasi, kama kuchekwa na kanisa zima. Ubongo wake unajua dawa moja tu ya wasiwasi. Mkewe amekwambia anavuta zaidi. Hicho ndicho kilichotarajiwa.

Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza madhabahuni isiwe juu ya harufu. Iwe hivi, au kwa maneno yako: "Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha sigara kwa nguvu zao peke yao, wanaofanikiwa kwa muda mrefu hawazidi watano hivi. Ukijaribu ukashindwa, hujashindwa na karatasi. Umeshindwa na moja ya vitu vinavyoshika ubongo wa binadamu kwa nguvu kuliko vingi." Mtu aliyekaa nyuma akisikia hivyo anainua kichwa. Hajawahi kusikia mchungaji akijua anachopitia.

Baada ya hapo useme ukweli wote, wala usiupunguze makali. Huruma haimaanishi kulainisha takwimu. Watu wanaoendelea kutumia tumbaku bila kuacha, takriban nusu yao itawaua. Duniani inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Chagua moja kati ya hizo, usizirundike, kwa sababu msikilizaji ataondoka na moja tu. Mimi ningechukua ile ya nusu.

Ila uwe makini usiongeze chumvi. Ukisema "kila anayevuta atapata saratani ya mapafu", yupo mjukuu kwenye kiti cha tatu ambaye babu yake alivuta mpaka miaka 85 akafa kwa kuanguka. Hapo hapo umempoteza, na kila utakachosema baadaye atakiweka kwenye mfuko huo huo. Ukweli ni kwamba wengi wanaovuta hawapati saratani ya mapafu. Wengi huondolewa na moyo, na kiharusi, na mapafu yaliyochakaa mpaka mtu anashindwa kupanda ngazi tatu. Ukisema "nusu", mjukuu yule hana la kubisha, maana babu yake yumo katika nusu ya pili.

Kuna jingine ulilolisahau, nalo linanifanya nitabasamu kidogo. Ulitaja sigara tu. Najiuliza, waliocheka siku ile, wangapi walikuwa na ugoro kwenye leso au kwenye pochi? Ugoro na tumbaku ya kutafuna vina nikotini ileile na vinasababisha saratani ya kinywa. Shisha nayo, maji yake hayachuji sumu kama vijana wanavyodhani, na kikao kimoja cha saa nzima kinampa mtu moshi mwingi kuliko sigara moja kwa mbali sana. Ukisema "tumbaku" badala ya "sigara", hakuna wa kugeuka kumtazama mwenzake. Kila mtu atajitazama.

Andiko lako la hekalu nalo tulizungumze, maana ndilo linalotumika kuliko yote na ndilo linaloumiza kuliko yote. Tumbaku ni mmea wa Amerika. Watu wa mabara mengine hawakuijua kabla ya safari za Kolombo mwaka 1492, kwa hiyo haimo kwenye Biblia wala kwenye Kurani. Katika 1 Wakorintho 6 Paulo alikuwa akizungumzia zinaa. Unaweza kuutumia mstari wa 19 kwa tumbaku, viongozi wengi wa dini wamefanya hivyo, lakini uwe mkweli kwamba unaufananisha. Kisha usiishie hapo, soma na mstari wa 20, unaosema mlinunuliwa kwa thamani. Ukisimama kwenye 19 pekee, mvutaji anasikia kwamba amechafua nyumba ya Mungu. Ukifika 20 anasikia kwamba mwili wake una bei kubwa. Maimamu wanaoniuliza swali kama lako nawaambia jambo linalofanana: aya ya Suratun-Nisaa inayokataza watu kujiua, 4:29, inamalizia kwa kusema Mungu ni mwenye kuwarehemu. Wengi huisoma nusu.

Kama ningekuwa wewe, ningeliacha hekalu kwa mwaka huu. Ningehubiri Isaya 42:3, kuhusu yule mtumishi asiyevunja mwanzi uliopondeka wala kuuzima utambi unaotoa moshi. Utambi unaotoa moshi, Mchungaji. Sijui kama kuna mstari mwingine unaowafaa watu hawa zaidi.

Sasa hasira yako. Usiitupe, ielekeze panapostahili. Mzee wako alianza akiwa na miaka 16. Wengi sana wanaovuta walianza wakiwa vijana, kabla akili haijakomaa kupima jambo la miaka 40 mbele. Na waliokuwa wakiuza walijua. Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni kubwa za tumbaku walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakaapa, na mmoja baada ya mwingine wakasema wanaamini nikotini haileti uraibu. Nyaraka za ndani za kampuni hizo zilipotoka hadharani, zilionyesha kwamba mwanasheria wa kampuni mojawapo alikuwa ameandika tangu mwaka 1963 kwamba biashara yao ni kuuza nikotini, dawa yenye uraibu. Pandisha sauti hapo. Manabii walipandisha sauti kwa wenye mizani ya uongo, si kwa waliopunjwa.

Sehemu inayofuata wahubiri wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo moyo wa mahubiri yote: kueleza faida ya kuacha, kwa umri wa mtu aliyekaa mbele yako. Watafiti wa Uingereza, akiwemo Richard Doll, walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wanaume na wakaendelea kwa miaka 50. Waliokuwa wakivuta bila kuacha walikufa kama miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Lakini walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa kama miaka mitatu. Walioacha wakiwa na 50, miaka sita hivi. Waliofika 40 wakaacha, tisa, na walioacha na 30 waliokoa karibu yote 10. Isome orodha hiyo polepole. Mzee wa miaka 52 atajitafuta ndani yake na kujikuta karibu na sita. Miaka sita ni mjukuu kuanza shule na kumaliza karibu darasa la sita. Hakuna kitisho kinachoweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu mtu wa umri wake tayari ameshajiambia "nimechelewa", na kutishwa kunamthibitishia hivyo.

Wapo watakaosema, "basi nitapunguza, nitabaki na moja tu kwa siku." Waambie ukweli bila kejeli: kwa moyo, sigara moja kwa siku haileti hatari ndogo kiasi hicho. Hubeba kama nusu ya hatari ya ziada ya mtu anayevuta 20. Kupunguza kuwe njia ya kufikia sifuri, kusiwe mahali pa kukaa.

Kuhusu watoto, nakusihi usiwageuze kuwa fimbo. Ni kweli kwamba moshi wa wengine unawaletea watoto nimonia, pumu na maradhi ya masikio, na kwamba kuvuta chumba kingine au kufungua dirisha hakutoshi, moshi unazunguka nyumba nzima. Lakini angalia alichofanya mzee wako: anajificha chooni kwa sababu anawapenda wanawe. Upendo umeshakuwepo, kilichokosekana ni taarifa. Madhabahuni sema tu: "Ambaye bado hajaweza kuacha, leo anaweza kufanya jambo moja. Avutie nje kabisa ya nyumba, mbali na mlango." Mtu aliyeshindwa mara tano anahitaji agizo analoweza kulitimiza usiku huohuo.

Kisha mwaliko. Najua mnavyofanya: mtu anapita mbele, anavunja pakiti, kanisa linashangilia, anatangaza ameokolewa na sigara. Nakuomba usifanye hivyo. Hesabu siku. Jumapili anavunja pakiti akiwa amejaa furaha. Jumanne na Jumatano arosto inafika kileleni, na hakuna aliyemwandaa. Alhamisi anavuta moja. Sasa hana tena sigara tu, ana na kiapo kilichovunjwa mbele ya watu 300, na Jumapili inayofuata kiti chake kitakuwa wazi kama cha mzee wako. Badala yake sema utabaki ofisini baada ya ibada na mtu mwingine mmoja, ikiwezekana muumini aliyewahi kuacha, na kwamba anayetaka kuzungumza aje, hata kama anakuja kwa ajili ya ndugu yake. Kile kisingizio cha "ndugu yangu" kiheshimu. Wengi watakitumia.

Akija, maswali ni machache. Muulize kama angependa kuacha, na usubiri jibu. Muulize anavuta ngapi na ya kwanza anaivuta muda gani baada ya kuamka, kwa kuwa anayeivuta ndani ya nusu saa ameshikwa sana na atahitaji dawa, si maombi peke yake. Muulize alishawahi kuacha kwa siku ngapi na kilichomrudisha ni nini. Kisha apange tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, aandike, na wewe uiandike, umpigie simu siku ya pili na ya tatu baada ya tarehe hiyo. Simu ya siku ya tatu ina uzito kuliko mahubiri yako ya saa nzima. Hamu moja ya sigara hudumu dakika chache tu, tatu hadi tano hivi. Mtu akiwa kwenye simu na wewe, imepita.

Hapo kwenye dawa nina ugomvi kidogo na baadhi ya wenzako. Kuna viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi na chingamu zake, na kuna vidonge kama vareniklini, bupropioni na sitisini. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza zote katika mwongozo wake wa mwaka 2024, na dawa zikiambatana na ushauri zinaongeza zaidi ya maradufu uwezekano wa kufanikiwa. Lakini nimewasikia wahubiri wakisema kiraka ni kubadilisha pepo mmoja kwa mwingine, na kwamba mwenye imani hahitaji. Nikotini inashika, ndiyo, lakini kinachoua kwa wingi ni moshi: lami, kaboni monoksaidi na yale mengine yanayozaliwa tumbaku inapoungua. Kiraka kinatoa kiasi kidogo cha nikotini polepole bila moshi, ubongo ukizoea kushuka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hakuna anayemwambia aliyevunjika mguu kwamba gongo ni ukosefu wa imani. Wewe usiandike dawa, mpeleke kwa mhudumu wa afya au mfamasia, hasa mwenye maradhi ya moyo, mjamzito au anayetumia dawa nyingine. Kazi yako ni kutamka neno moja madhabahuni: "inaruhusiwa".

Na atakayeanguka, mwambie kwamba wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla. Usiulize "kwa nini umerudia?" Uliza "ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa na nani?" Swali la kwanza linataka ungamo. La pili linakupa kitu cha kurekebisha: pengine ni kahawa ya saa nne, pengine ni rafiki fulani, pengine ni ugomvi wa nyumbani.

Limebaki moja. Kicheko kilikuwa cha hadharani, kwa hiyo kwenda nyumbani kwake tu hakutoshi. Jumapili utakayohubiri tena juu ya jambo hili, anza kwa kusema: "Mara iliyopita niliwachekesha kwa taabu ya wenzetu. Nilikosea." Usitaje jina, usitazame nyuma. Kanisa litajua nini cha kufanya na hicho kicheko chao.

Na mzee wako akirudi, pengine akiwa bado ananuka majivu, asikute mtu amemwandalia kiti cha mbele. Mwachieni kile alichokizoea, karibu na mlango, na mpeni kitabu cha nyimbo kama kila mtu.